Video inaonyesha mtu, lakini jina lake anataja nani?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Buzwagi, Kahama. Imeandikwa upya kidogo kwa ajili ya wasomaji wa blogu.)

 

Niliombwa nizungumzie haki za mtuhumiwa, mada ambayo ni pana kama shimo la mgodi wetu. Lakini mwenyekiti alinitumia maswali ya vijana kabla sijaja, na swali moja lilijirudia mara nne kwa maneno tofauti. Linasema hivi: "Nikionekana kwenye video, si nimekwisha?" Basi leo nitajibu hilo peke yake. Na wale mnaodhani nimekuja kufundisha namna ya kujificha, hapana. Kanuni nitakayoieleza inamlinda kijana anayesingiziwa, na inambana vilevile askari anayeonekana kwenye klipu akimpiga mama muuza mahindi.

Video inapofika mahakamani yanazuka maswali mawili, na watu wengi wanayachanganya. La kwanza ni kama video yenyewe ni ya kweli: imetoka wapi, nani alirekodi, ilihifadhiwaje, imekatwa au haijakatwa. Hapo sheria zetu zipo. Tangu mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi inaruhusu rekodi za sauti na video katika kesi za jinai, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inamtaka hakimu aangalie jinsi rekodi ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na ilivyosafirishwa. Mawakili wanagombana sana juu ya swali hili. Mnasikia kwenye habari flashi imekataliwa, flashi imepokelewa, na watu wanashangilia kama goli limeingia.

Lakini flashi ikishapokelewa bado kuna swali la pili: huyu anayeonekana ni nani? Picha haina mdomo. Inaweza kuonyesha jezi nyekundu, mkono ulioinuliwa, uso wa pembeni kwa sekunde tatu. Jina haliandikwi kwenye paji la uso. Linaletwa na mtu anayesimama kizimbani na kusema, "Huyu namfahamu." Kesi nyingi zinasimama au zinaanguka kwa huyo mtu.

Nitawapa mfano wa jirani zetu. Aprili 1994, mpiga picha Muingereza aliyekuwa na makazi Nairobi, Nick Hughes, alikuwa juu ya jengo la shule ya Wafaransa jijini Kigali. Kwa mbali, upande wa pili wa bonde, akarekodi watu wakiuawa barabarani. Mauaji ya Rwanda yalikuwa ya mamia ya maelfu ya watu, lakini picha zinazoonyesha tendo lenyewe la kuua ni chache sana, na hizo zake ndizo zilizozunguka dunia nzima. Hughes alikuja Arusha kutoa ushahidi katika mahakama ya kimataifa iliyokuwa ikisikiliza kesi za Rwanda, kwenye kesi ya Georges Rutaganda, na picha zile zikawa sehemu ya kumbukumbu za kesi.

Sasa fikirini. Mamilioni ya watu waliziona picha zile kwenye televisheni, na hakuna aliyejua wale wanawake waliopiga magoti barabarani waliitwa nani. Mpiga picha mwenyewe hakujua. Alikuwapo na alirekodi, angeweza kuapa kwamba picha ni ya kweli, lakini jina hata moja hakuwa nalo. Zaidi ya miaka kumi ikapita. Akarudi Kigali na picha zile, akawaonyesha wakazi wa mtaa ule ule wa Gikondo, na filamu ya safari hiyo ikatoka mwaka 2008. Majirani ndio waliojibu. Walitazama vivuli vidogo vya watu wanaoonekana kwa mbali, wakataja waliouawa, baba na binti yake wakiwemo, na wakataja pia waliokuwa wakiua. Mtaalamu wa picha hakuwatambua, jirani akawatambua.

Kwa nini jirani aweze? Kwa sababu mtu unayemfahamu humtambui kwa pua na macho tu. Unamjua kwa mwendo, kwa namna anavyobeba bega moja juu, kwa shati alilolivaa wiki nzima, na kwa kuwa pale ndipo nyumbani kwake na ule ndio wakati anaotoka. Mgeni anaona umbo. Anayekufahamu anaongeza vitu ambavyo havimo kwenye picha, na hapo ndipo mahakama inapomhitaji. Kama shahidi haongezi chochote, hakimu naye ana macho, atazame mwenyewe.

Turudi kwetu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilijenga kanuni zake za utambuzi kwenye kesi za usiku: ujambazi, koroboi, tochi, mbalamwezi. Msingi ni kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980. Mahakama ilisema utambuzi wa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa, halafu ikataja mambo ya kuangalia: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na je, alikuwa anamfahamu au alishawahi kumwona kabla? Lishikeni hilo la mwisho. Kenya nao, mwaka huo huo wa 1980, kwenye kesi ya Anjononi, mahakama ya rufani ilisema kumtambua mtu unayemjua kunatia imani kuliko kumtambua mgeni, kwa sababu kunatokana na ujuzi wa shahidi mwenyewe juu ya mtu huyo.

Lakini mahakama zetu hazikuishia hapo. Katika kesi ya Shamir John, Mahakama ya Rufani ilikumbusha kwamba hata tunapodai kumtambua ndugu au rafiki wa karibu tunakosea, na tunakosea mara nyingi. Nani hapa hajawahi kumpigia mtu kelele stendi, "Oya, Masanja!", akageuka mtu mwingine kabisa? Basi ndiyo hiyo. Kumfahamu mtu kunafungua mlango wa kusikilizwa tu. Hakumalizi kesi.

Sasa tufanye mfano wa kubuni kabisa, hapa hapa. Tuseme jioni moja watu wamekusanyika barabara ya Isaka–Kahama, pale Mwendakulima. Mtu anarekodi kwa simu, sekunde arobaini. Katikati ya klipu kuna kijana mwenye jezi nyekundu na kapelo, anarusha jiwe kwenye gari. Uso wake unaonekana kwa pembeni, sekunde tatu hivi, halafu anageuka na kukimbia. Wiki mbili baadaye anakamatwa dereva wa bodaboda. Tumwite Kijana. Jamhuri inaleta mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni askari wa upelelezi. Anasema, "Nimeitazama video, nimemtazama mshtakiwa, ni yeye." Wakili anamuuliza: kabla ya kesi hii ulikuwa unamfahamu? "Hapana." Basi swali linalofuata ni fupi: wewe unajua nini ambacho mheshimiwa hakimu hakijui? Hakuna. Hilo jambo lilifika Mahakama Kuu ya Australia mwaka 2001, kesi ya Smith. Palikuwa na picha za kamera za benki iliyoporwa, na askari wawili waliowahi kukutana na mshtakiwa mara chache wakasema ni yeye. Mahakama ikasema maoni yao hayasaidii kitu, kwa sababu waliopaswa kuamua kesi walikuwa na picha ile ile na mshtakiwa yule yule mbele yao, na wangeweza kulinganisha wenyewe. Ingekuwa tofauti kama mshtakiwa angekuwa amebadilika sura, au kama kwenye picha kulikuwa na mwendo fulani ambao mtu aliyekaa kizimbani hauonyeshi. Kesi ya Australia haiwafungi mahakimu wetu, ila wakili anaruhusiwa kuwaomba waifuate hoja yake, na hoja hiyo ina nguvu.

Shahidi wa pili ni mfanyabiashara ambaye gari lake lilipigwa jiwe. Alikuwapo, alimwona kwa macho yake, lakini hakuwa anamjua. Huyu ni shahidi wa tukio, na njia yake ni nyingine. Tangu mwaka 1942, kwenye kesi ya Mohamed bin Allui, mahakama za Afrika Mashariki zimetaka kujua kama shahidi alitoa maelezo ya sura mapema na maelezo hayo yalisemaje: mrefu, mfupi, mweusi, ana kovu, amevaa nini. Halafu linakuja gwaride la utambulisho. Kumnyooshea mtu kidole akiwa tayari kizimbani, bila gwaride kabla yake, hakuna uzito mkubwa, maana aliyekaa kizimbani ni mmoja tu na kila mtu anaona amekaa wapi. Na hapa video inaweza kuharibu. Kama mfanyabiashara alionyeshwa klipu mara ishirini kabla ya gwaride, sasa anamtambua nani, aliyemwona barabarani au aliyemwona kwenye skrini? Hata yeye mwenyewe hawezi kutofautisha tena.

Shahidi wa tatu ndiye wa kuogopwa kama Kijana ni mkosaji, na ndiye wa kutegemewa kama hakuwa yeye. Ni katibu wa kijiwe cha bodaboda. Anamfahamu Kijana miaka sita, wanapaki pamoja, wamezikana na kuchangiana. Anaitazama klipu na kusema, "Ni yeye. Ona mguu wa kushoto anavyouburuta, aliumia kwenye ajali ya pikipiki. Na jezi hiyo ina kiraka mgongoni, mimi nilikuwepo alipoichana." Huyo anaongeza. Hakimu hakuijua ajali ile, hakukijua kiraka. Na anachosema kinaweza kupimwa: kuna kadi ya hospitali au hakuna? Kwenye klipu kiraka kinaonekana au hakionekani?

Huyu hahitaji gwaride, maana gwaride ni kwa mtu usiyemjua. Lakini maswali yake ni magumu zaidi. Wakili mzuri atamuuliza ulimtaja lini. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kumtaja mtuhumiwa mapema kabisa kunampa shahidi uaminifu, na kuchelewa bila sababu kunamtia mashaka. Kama klipu ilifika kwenye kundi la WhatsApp la kijiwe siku ile ile, wewe ukakaa kimya wiki mbili, ukamtaja baada ya kugombana naye juu ya hela za mchango, mahakama itataka kujua kwa nini.

Halafu atamuuliza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote zama hizi za simu: klipu ilikufikia ikiwa imeandikwa nini? Jamani, klipu hazisafiri uchi. Zinakuja na maneno chini yake: "Mnamwona fulani alivyofanya?" Ukishasoma jina, jicho linatii. Unamwona fulani. Ukipelekwa kituoni ukaonyeshwa tena, utasema kwa moyo mweupe kwamba umemtambua, kumbe ulisomewa. Kwa hiyo mambo ya kuchimba ni haya: alitazama peke yake au na wenzake? Aliambiwa nini kabla ya kutazama? Kwenye simu au kwenye skrini kubwa? Aliulizwa "je, kuna mtu unayemfahamu hapa?" au aliulizwa "huyu si ndiye fulani?" Na maneno yake ya kwanza kabisa, aliyoyatoa pale pale, yameandikwa wapi? Uingereza, kwenye kesi nyingine ya Smith, ya mwaka 2008, mahakama ya rufani ilisisitiza jambo hilo kwa askari wanaotambua watu kwenye kamera za ulinzi: bila kumbukumbu ya jinsi walivyotambua na walichosema mwanzo, hakuna namna ya kupima madai yao. Kwetu pia wakili anaweza kuyauliza yote hayo, na jalada lisipokuwa na jibu, ukimya wa jalada ni hoja.

Kuna kesi ndogo ya Uingereza ya mwaka 1986 naipenda sana. Mtu alidaiwa kuiba pakiti ya betri dukani, kamera ikamrekodi. Askari waliokuwa wanamfahamu wakaitazama video, wakasema ni yeye. Halafu video ikafutika kwa bahati mbaya! Bado mahakama iliwaruhusu askari waeleze walichokiona, kwa tahadhari kubwa. Picha ilikwenda, aliyemfahamu akabaki.

Sasa nisiwadanganye, maana kuna watu watatoka hapa wakisema dada wa sheria kasema video bila shahidi ni bure. Sijasema. Canada, mwaka 1996, kwenye kesi ya Nikolovski, duka liliporwa na muuzaji mwenyewe akashindwa kumtambua mwizi mahakamani. Jaji akaitazama video, akamtazama mshtakiwa, akamtia hatiani kwa macho yake tu, na mahakama ya juu ikakubali, kwa sababu video ilikuwa safi na ndefu ya kutosha. Uingereza nako, mwaka 1995, askari asiyemfahamu mshtakiwa aliruhusiwa kutaja watu kwenye video ya fujo za mpira kwa kuwa aliitazama kama mara arobaini, akisimamisha na kurudisha, mpaka akawa anaijua kuliko mtu yeyote. Na wapo wataalamu wa kulinganisha sura. Kwa hiyo njia nyingine zipo. Ila zote zinadai picha nzuri, na picha zetu nyingi ni za simu iliyotikisika, jioni, vumbi la marumaru, mtu ana kapelo. Kwenye picha ya namna hiyo njia inayobaki ni ile ya Gikondo: yule anayekufahamu.

Upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo: mkirekodi askari akipiga mtu, msifurahie klipu peke yake. Itunzeni kwenye simu iliyorekodi, msiifute, msiibandike maneno. Halafu ulizeni, nani hapa anamfahamu askari huyu? Mama anayemuuzia chai kituoni kila asubuhi ana thamani kuliko watu elfu kumi walioisambaza.

Nimalizie na swali la mama mmoja, amekaa pale nyuma, kaniuliza kabla hatujaanza. Kasema: "Mwanangu, wakija na simu wakanionyesha mtoto wangu, nifanyeje?"

Shikamoo mama. Mume na mke sheria inawalinda: mke anaweza kutoa ushahidi dhidi ya mumewe kwenye kesi ya jinai akitaka, lakini kwa kawaida halazimishwi, na mahakama inapaswa kumwambia hivyo kabla hajaanza. Hata wake wawili wa mume mmoja wanaingia humo. Mama hayumo. Baba, dada, kaka hawamo. Wewe unayemjua kuliko wote unaweza kuitwa kama shahidi mwingine yeyote, na ukiapa huna ruhusa ya kudanganya. Usimkane unayemtambua.

Lakini pia usimtambue usiyemwona. Ukionyeshwa kivuli chenye jezi nyekundu, na moyo wako unasema "kafanana naye", basi sema "kafanana naye", uishie hapo. "Kafanana na mwanangu" na "ni mwanangu" ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria, na umbali kati yao unaweza kuwa miaka kadhaa gerezani. Maelezo yako yataandikwa na askari, si na wewe, na mwishoni utasomewa kisha uweke sahihi au dole gumba. Pale usiwe na haraka. Ombeni yasomwe polepole, mama, na msikilize sentensi moja tu, ile yenye jina la mtoto. Kama imeandikwa "ni", na wewe ulisema "kafanana", mwambie arekebishe kabla hujagusa wino.